Tofauti za gharama za kudumu za kiwanda: kutenganisha matumizi, uwezo na ufanisi kwa mistari minne

Wanafunzi wengi wanaomudu tofauti za malighafi na za wafanyakazi hukwama wakifika kwenye gharama za kudumu. Sababu ni kwamba gharama hizi zina tabia yake. Pango la kiwanda, bima, uchakavu wa mashine na mishahara ya wasimamizi ni vilevile, utengeneze vipande 4,000 au 4,200. Ila katika mfumo unaobebesha bidhaa gharama zote, kila kipande kinachokamilika hubebeshwa sehemu yake ya pango na bima hiyo. Kwa hiyo vitabu vinaonyesha gharama ikipanda na kushuka kufuata uzalishaji, ilhali ankara zinazolipwa hazijui habari hiyo. Tofauti tunazotafuta zinazaliwa katika pengo hilo.

Tuchukue swali moja la mtihani, tulifanye mpaka mwisho. Fedha zote ziko katika sarafu moja, nami sitaitaja.

Kampuni inatengeneza bidhaa moja. Kwa mwezi husika, bajeti ilikuwa vipande 4,000, kila kimoja kikihitaji saa 3 za kazi kwa mujibu wa kiwango kilichowekwa. Gharama za kudumu zilizotengewa bajeti ni 96,000, na zinabebeshwa bidhaa kwa msingi wa saa za kazi. Mwezi ulipokwisha, vipande 4,200 vilikuwa vimetengenezwa kwa saa 13,100, na gharama za kudumu zilizotumika ni 98,500. Unatakiwa utoe tofauti ya matumizi, tofauti ya uwezo na tofauti ya ufanisi, kisha ueleze maana yake.

Hatua ya kwanza: pata kiwango kwa saa

Kabla ya kugusa tofauti yoyote, tafuta kiwango cha kubebesha gharama. Kinatokana na bajeti peke yake. Saa za bajeti ni 4,000 × 3, yaani 12,000. Gawanya 96,000 kwa 12,000, unapata 8 kwa saa. Kwa kipande ni 8 × 3, yaani 24.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kugawanya kwa saa halisi, 13,100. Ukifanya hivyo tofauti ya uwezo inapotea kabisa, kwa kuwa umeshajifanya kwamba saa zilizofanyika ndizo zilizopangwa. Kiwango huwekwa kabla mwezi haujaanza, na wakati huo hakuna anayejua saa halisi zitakuwa ngapi. Mtego wa pili ni muda. Mtahini anaweza kukupa gharama za kudumu za mwaka mzima huku takwimu halisi zikiwa za mwezi mmoja. Laiti swali letu lingesema bajeti ya mwaka ni 1,152,000 na kwamba inagawanywa sawasawa kwa miezi, ungeanza kwa kugawanya kwa 12. Usipofanya hivyo, tofauti ya matumizi itakuja kubwa kupita kiasi, na ukubwa huo wenyewe ndio dalili. Ukiona tofauti inayozidi gharama halisi mara kadhaa, rudi usome upya tarehe na vipindi.

Hatua ya pili: andika mistari minne

Unaweza kukariri fomyula tatu, kila moja na mpangilio wake wa kutoa na alama yake. Mimi napendelea njia isiyodai kumbukumbu kubwa. Andika takwimu nne, moja chini ya nyingine, kwa mpangilio huu bila kuubadili:

```
1. Gharama halisi                            98,500
2. Gharama za bajeti     12,000 x 8          96,000
3. Saa halisi x kiwango  13,100 x 8         104,800
4. Saa sanifu x kiwango  12,600 x 8         100,800
```

Mstari wa nne ndio unaohitaji kufikiri. Saa sanifu ni saa ambazo uzalishaji *uliofanyika* ulistahili kuchukua: vipande 4,200 kwa saa 3 kila kimoja, yaani 12,600. Si vipande vya bajeti, wala si vipande vilivyouzwa. Maswali mengi hutaja uzalishaji na mauzo katika sentensi moja, na wanaosoma kwa haraka huchukua vilivyouzwa. Gharama hubebeshwa kipande kinapotengenezwa, kiuzwe au kibaki ghalani.

Fedha ya mstari wa nne, 100,800, ndiyo iliyobebeshwa bidhaa. Unaweza kuihakiki kwa njia nyingine: 4,200 × 24 ni 100,800 pia. Zisipolingana, umekosea kiwango au umekosea vipande, na ni afadhali ulijue hilo sasa kuliko mwishoni.

Hatua ya tatu: toa mstari wa juu kutoka wa chini yake

Kila tofauti ni pengo kati ya mistari miwili inayofuatana. Chukua mstari wa chini, toa ulio juu yake. Jibu likiwa chanya, tofauti ni nzuri (N). Likiwa hasi, ni mbaya (M). Kanuni ni hiyo moja kwa mapengo yote.

Kutoka mstari wa kwanza kwenda wa pili: 96,000 − 98,500 = −2,500. Hiyo ni tofauti ya matumizi, 2,500 M.

Kutoka wa pili kwenda wa tatu: 104,800 − 96,000 = +8,800. Hiyo ni tofauti ya uwezo, 8,800 N.

Kutoka wa tatu kwenda wa nne: 100,800 − 104,800 = −4,000. Hiyo ni tofauti ya ufanisi, 4,000 M.

Ukiruka mstari wa tatu, ukatoka wa pili moja kwa moja hadi wa nne, unapata 100,800 − 96,000 = 4,800 N, ambayo ni tofauti ya wingi wa uzalishaji. Uwezo na ufanisi ni vipande vyake viwili: 8,800 N na 4,000 M vinatoa 4,800 N. Ukitoka wa kwanza hadi wa nne, unapata 2,300 N, ambayo ni tofauti nzima. Nayo ndiyo kiasi cha gharama kilichobebeshwa kupita kiasi, kwa maana bidhaa zimebeba 100,800 wakati zilizotumika ni 98,500.

Soma swali uone linataka kiwango gani cha uchambuzi. Likiomba tofauti ya matumizi na ya wingi tu, ishia hapo. Kuigawa ya wingi ni kupoteza dakika bila kupata alama.

Mbona saa kuzidi ni jambo zuri?

Swali hili huwachanganya hata wanaopata hesabu sawasawa. Wafanyakazi walifanya saa 13,100 badala ya 12,000. Katika tofauti za wafanyakazi tumezoea kwamba saa zikizidi, habari ni mbaya. Hapa tofauti ya uwezo inatoka 8,800 nzuri.

Jibu limo katika kinacholinganishwa. Tofauti ya uwezo haiulizi kama kazi imefanywa haraka. Inauliza kama kiwanda kimetumika kwa saa nyingi au chache kuliko tulivyopanga. Pango limeshalipwa kwa mwezi mzima. Kila saa ya ziada ambayo kiwanda kinafanya kazi ni nafasi ya kugawa pango hilo kwa bidhaa nyingi zaidi, na nafasi hiyo imepewa thamani ya 8. Saa 1,100 za ziada zikizidishwa kwa 8 zinatoa 8,800.

Kisha inakuja tofauti ya ufanisi na swali lake: katika saa hizo 13,100, tumetoa kazi ya saa ngapi? Tumetoa kazi ya saa 12,600. Saa 500 zimepita bila uzalishaji wa kuzitosha, nazo zikizidishwa kwa 8 ni 4,000 mbaya. Yaani tulipata nafasi ya saa 1,100 zaidi ya mpango, tukapoteza 500 kwa kufanya kazi polepole, zikabaki 600. Saa 600 ni vipande 200, na hivyo ndivyo tulivyozidisha juu ya bajeti. 600 × 8 inaturudisha kwenye 4,800.

Ukiweza kuisimulia hesabu kwa saa namna hii kabla ya kuigeuza kuwa fedha, alama ya N au M haitakupiga chenga.

Kosa la kurekebisha bajeti ya gharama za kudumu

Katika malighafi na gharama zinazobadilika, tunarekebisha bajeti ifuate uzalishaji halisi kabla ya kulinganisha. Mazoea hayo hayafai katika tofauti ya matumizi ya gharama za kudumu. Mtahiniwa huandika 4,200 × 24 = 100,800, akatoa 98,500, akapata 2,300 N na kuiita tofauti ya matumizi. Alichopata ni tofauti nzima. Akiendelea na kuongeza tofauti ya uwezo na ya ufanisi juu yake, jumla yake haitalingana na chochote, naye hatajua kosa liko wapi.

Mstari wa pili ni 96,000, na unabaki 96,000 hata kama kiwanda kingetengeneza vipande 5,000. Gharama ikiitwa ya kudumu, bajeti yake haikui kwa sababu uzalishaji umekua.

Saa zipi hasa?

Swali linaweza kukupa saa za aina mbili au tatu, na hapo utapimwa kama unaelewa. Ikiwa gharama zinabebeshwa kwa saa za mashine, mistari yote itumie saa za mashine, hata kama saa za wafanyakazi zimetajwa mara tano. Msingi wa kubebesha ndio unaotawala.

Ikiwa swali linatofautisha saa zilizolipwa na saa zilizofanyiwa kazi, tumia zilizofanyiwa kazi katika mstari wa tatu. Tuseme hapa wafanyakazi walilipwa saa 13,400, ambapo 300 zilipotea mashine zikiwa zimeharibika. Mstari wa tatu ungebaki 13,100 × 8. Zile saa 300 zina tofauti yake katika sehemu ya wafanyakazi. Katika gharama za kudumu, athari yake tayari imo ndani ya tofauti ya uwezo: zisingepotea, kiwanda kingefikisha saa nyingi zaidi.

Kuna ukaguzi mmoja wa bure hapa. Msingi ukiwa saa za kazi, tofauti ya ufanisi ya wafanyakazi na ile ya gharama za kudumu zinatokana na saa zilezile. Ikiwa kwenye wafanyakazi ulipata upotevu wa saa 500, hapa nako lazima upate saa 500, na alama iwe ileile. Kinachobadilika ni bei ya kuzidishia tu. Ukiona moja ni N na nyingine ni M, mojawapo ina kosa.

Kuandika maelezo

Sehemu ya maelezo ndiyo inayowatenganisha watahiniwa, kwa sababu wengi huandika tu kwamba tofauti ya uwezo ni nzuri kwa kuwa saa zilizidi zile za bajeti. Hiyo ni hesabu iliyogeuzwa kuwa sentensi. Mtahini anataka kujua unachokisoma ndani ya takwimu.

Anza na tofauti ya matumizi, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayoonyesha kwamba gharama zenyewe za kudumu zimepanda au kushuka. Kampuni imetumia 2,500 zaidi ya ilivyopanga. Taja gharama zinazoweza kuhusika: bima iliyopanda ilipohuishwa, mashine mpya iliyoongeza uchakavu, msimamizi aliyeongezwa. Kama swali limetoa kidokezo, kitumie hichohicho badala ya kubuni. Ongeza kwamba mara nyingi meneja wa uzalishaji hana mamlaka juu ya gharama hizi, hivyo si haki kumhukumu kwazo.

Uwezo na ufanisi ni habari nyingine. Ile 8,800 nzuri haikuingiza hata senti moja kwenye akaunti ya benki, na ile 4,000 mbaya haikuitoa kwenye pango. Pango ni lilelile. Hasara ya kweli ya saa 500 zilizopotea inaonekana kwenye mishahara na kwenye bidhaa ambazo zingeweza kutengenezwa katika saa hizo, kama zingepata mnunuzi. Kama zisingepata mnunuzi, thamani ya 8 kwa saa ni ya vitabuni tu. Nionavyo mimi, sentensi moja inayosema hivyo ina uzito kuliko aya nzima ya sababu za kubahatisha.

Kisha unganisha. Uwezo mzuri na ufanisi mbaya vikitokea mwezi mmoja, uwezekano ni kwamba vina chanzo kimoja. Pengine saa za ziada zilifanywa na watu waliochoka, au waliongezwa wafanyakazi wapya ambao bado wanajifunza kazi. Saa zikapanda, kasi ikashuka. Angalia pia tofauti ya bei ya wafanyakazi: ikiwa mbaya, malipo ya saa za ziada yanaweza kuwa ndiyo maelezo, ikiwa nzuri, huenda waliajiriwa watu wa malipo ya chini wasio na uzoefu. Hilo likionekana katika takwimu ulizopewa, litaje.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mauzo. Tofauti ya wingi huwa nzuri kila uzalishaji unapozidi bajeti, hata kama bidhaa hazikununuliwa. Kiwanda kikitengeneza vipande 4,200 na kuuza 3,700, ripoti itaonyesha 4,800 N huku vipande 500 vikirundikana ghalani, kila kimoja kikiwa kimebeba 24 ya gharama za kudumu kwenda mwezi unaofuata. Meneja anayepimwa kwa tofauti hii peke yake ana kila sababu ya kuzalisha kupita mahitaji.

Na kama swali linasema kampuni inatumia mfumo unaobebesha bidhaa gharama zinazobadilika tu, hesabu yako inaisha kwenye pengo la kwanza. Katika mfumo huo gharama za kudumu hazibebeshwi bidhaa, kwa hiyo mistari ya tatu na ya nne haipo. Kinachobaki ni tofauti ya matumizi ya 2,500 M. Kuandika tofauti ya uwezo hapo ni ishara kwamba hukusoma sentensi ya kwanza ya swali.

Swali likija kinyumenyume

Watahini hupenda kukupa tofauti na kukuomba takwimu halisi. Wanaotegemea fomyula huanza kupanga milinganyo. Mwenye mistari minne anajaza nafasi zilizo wazi.

Tuseme bajeti ni 60,000 kwa saa 10,000, na kila kipande kinastahili saa 2. Tofauti ya uwezo ni 3,600 M, ya ufanisi ni 2,400 N, na tofauti nzima ni 2,700 M. Tafuta saa halisi, vipande vilivyotengenezwa na gharama halisi.

Kiwango ni 6 kwa saa. Mstari wa pili unao tayari, 60,000. Tofauti ya uwezo ni hasi, kwa hiyo mstari wa tatu uko chini kwa 3,600, yaani 56,400. Ukigawanya kwa 6, saa halisi ni 9,400. Tofauti ya ufanisi ni chanya, kwa hiyo mstari wa nne ni 56,400 + 2,400 = 58,800. Ukigawanya kwa 6 unapata saa sanifu 9,800, nazo kwa saa 2 kila kipande ni vipande 4,900.

Kimebaki mstari wa kwanza. Mstari wa nne ukitoa wa kwanza unatoa −2,700, kwa hiyo wa kwanza ni 58,800 + 2,700 = 61,500. Hiyo ndiyo gharama halisi. Tofauti ya matumizi, ambayo hata haikuulizwa, inajitokeza yenyewe: 60,000 − 61,500 = 1,500 M. Jumlisha zote tatu uhakiki: −1,500 − 3,600 + 2,400 = −2,700.